Simu inaposema asilimia 97: programu ya kutambua magonjwa ya muhogo inajuaje kwamba haijui?

Siku hizi zipo programu za simu zinazotazama picha ya jani na kutaja ugonjwa. Ukiipiga picha jani la muhogo lenye mabaka ya njano, programu inaweza kujibu: batobato, asilimia 97. Ukigeuza kamera ukapiga jani la maharage, programu nyingi za aina hii hujibu vilevile kwa kutaja ugonjwa wa muhogo. Ukipiga kanga yenye madoa, pengine nayo itapewa ugonjwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini inakuwa hivyo, asilimia ile inatoka wapi, na njia rahisi kuliko zote ambayo watengenezaji huitumia ili programu iweze kukataa picha isiyoihusu. Njia hiyo ni kutazama asilimia kubwa kuliko zote katika jibu, na kulikataa jibu kama asilimia hiyo iko chini ya kiwango fulani. Ni njia yenye manufaa, lakini ina mashimo yake, na mwenye shamba ni vizuri ayajue kabla hajang'oa mche.

Programu ilifundishwa nini?

Tuchukue mfano wa kweli. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na watafiti wa mazao wa nchi hiyo walikusanya picha za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani. Wataalamu walizipitia na kuziandika majina. Mwaka 2020 picha 21,367 kati ya hizo zilitolewa kwa umma kwenye mtandao wa Kaggle, ili watu duniani kote washindane kutengeneza programu ya kuzitambua.

Kila picha iliwekwa kwenye fungu moja kati ya matano: batobato, michirizi ya kahawia, madhara ya utitiri wa kijani, ugonjwa wa majani unaoletwa na bakteria, na muhogo usio na ugonjwa. Zaidi ya nusu ya picha zote zilikuwa za batobato.

Programu inayofundishwa kwa picha hizo, ambayo wataalamu huiita modeli, inajua mafungu matano tu. Haikuonyeshwa maharage, wala udongo, wala kidole kilichoziba kamera. Haikuonyeshwa pia muhogo ulionyauka kwa jua, au uliopata njano kwa sababu ardhi imepungukiwa na madini ya zinki. Kwake yeye dunia nzima ina vitu vitano, na kila picha unayompa lazima iangukie kwenye kimojawapo.

Asilimia inapatikanaje?

Modeli ikitazama picha, kwanza inatoa alama kwa kila fungu. Alama hizi ni namba za kawaida. Zinaweza kuwa kubwa, ndogo, au hata chini ya sifuri. Tuseme jani moja limepata alama hizi:

- Batobato: 6
- Michirizi ya kahawia: 2
- Utitiri wa kijani: 1
- Muhogo mzima: 1
- Bakteria: 0

Alama hizo hazisomeki kwa urahisi, hivyo hupitishwa kwenye hesabu iitwayo softimaksi. Hesabu hiyo ina hatua mbili. Hatua ya kwanza, kila alama hugeuzwa kuwa uzito. Alama sifuri inapewa uzito wa 1, na kila alama ikipanda kwa moja, uzito unazidishwa kwa 2.718. Kwa hiyo alama 1 ina uzito wa 2.718, alama 2 ina uzito wa 7.39, na alama 6 ina uzito wa 403.4. Unaona jinsi pengo dogo la alama linavyokuwa pengo kubwa la uzito.

Hatua ya pili, uzito wa kila fungu hugawanywa kwa jumla ya uzito wote. Hapa jumla ni 403.4 + 7.39 + 2.72 + 2.72 + 1, yaani karibu 417.2. Batobato inapata 403.4 kugawanya kwa 417.2, ambayo ni 0.967. Kwenye kioo cha simu unasoma asilimia 97. Mafungu manne yaliyobaki yanagawana asilimia 3 iliyobaki.

Kwa maneno mengine, softimaksi ni kama kugawa mkate mmoja kwa watu watano. Mkate lazima uishe, na hakuna mtu wa sita. Asilimia 97 haisemi kwamba kuna nafasi 97 kati ya 100 kuwa mche huu una batobato. Inasema kwamba kati ya majina matano ninayoyajua, hili limechukua karibu mkate wote.

Kutazama asilimia kubwa kuliko zote

Sasa tuseme umepiga jani la maharage. Modeli haijawahi kuliona, hivyo alama zake hazipishani sana: batobato 2, michirizi 1.5, utitiri 1, muhogo mzima 1, bakteria 0.5. Ukifanya hesabu ileile, uzito wa batobato ni 7.39 na jumla ni 18.96. Asilimia kubwa kuliko zote ni 39.

Batobato bado inaongoza, na programu isiyo na kizuizi ingekuandikia "batobato" bila kusita. Lakini 39 iko mbali sana na 97. Hapo ndipo lilipo wazo lenyewe: usitazame tu jina lililoshinda, tazama limeshinda kwa kiasi gani. Kama ushindi ni hafifu, programu iseme "sitambui picha hii".

Wazo hili lilipimwa kwa utaratibu na Dan Hendrycks na Kevin Gimpel, watafiti wa Marekani, katika makala yao iliyotoka mwaka 2016. Walilijaribu kwenye modeli za picha, za maandishi na za kutambua sauti. Walikuta kwamba, kwa kawaida, picha ambazo modeli inazijibu sawasawa hupata asilimia kubwa kuliko picha inazokosea, na kuliko picha za vitu visivyofanana na vile ilivyofundishwa.

Lakini walionyesha pia jambo la kushtua. Kulikuwa na modeli iliyofundishwa kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kuanzia 0 hadi 9. Walipoipa picha ya chengachenga tupu, kama televisheni isiyo na mawimbi, modeli ilitaja tarakimu kwa uhakika wa asilimia 91. Hapakuwa na tarakimu yoyote pale.

Je, hiyo haivunji wazo lote? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Asilimia 91 ni kubwa ukiisoma peke yake. Lakini modeli ile, ikipewa tarakimu za kweli zilizoandikwa vizuri, hutoa asilimia zinazokaribia kabisa 100. Ukilinganisha, 91 iko chini. Namba ya softimaksi haiaminiki kama ilivyo, ila inaweza kusaidia kupanga picha kwa safu, zile za kawaida juu na zile ngeni chini. Kazi inayobaki ni kujua mstari wa kukatia uwekwe wapi.

Kizingiti kinawekwaje?

Mstari huo tuuite kizingiti. Hauwekwi kwa kukisia kwamba 50 au 80 inatosha, kwa sababu kila modeli ina tabia yake. Unawekwa kwa kupima. Namba zifuatazo ni za mfano, ila hatua zenyewe ndizo zinazofuatwa.

Mtengenezaji anachukua picha 200 za muhogo ambazo modeli haikuzitumia wakati wa kujifunza. Anaipa modeli picha zote na kuandika asilimia kubwa ya kila moja. Kisha anazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Anaamua kwamba yuko tayari kuwakatalia wakulima picha 10 halali kati ya 200, yaani asilimia 5. Anahesabu picha kumi za chini, na kukuta kwamba ya kumi ilipata 62. Basi kizingiti chake kitakuwa juu kidogo ya 62: picha ikipata 62 au chini ya hapo, programu itakataa kujibu.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Anachukua picha nyingine 100 za vitu vigeni: maharage, mahindi, udongo, mikono, nguo. Anahesabu ngapi zimevuka kizingiti. Tuseme zimevuka 30. Maana yake, kwa kila picha 100 za vitu visivyohusika, 30 bado zitapewa ugonjwa wa muhogo.

Akitaka kupunguza hizo 30, anapandisha kizingiti hadi 90. Sasa wageni wanaopita wamebaki 12. Lakini akirudi kwenye zile picha 200 za muhogo halali, anakuta 50 zimekataliwa badala ya 10. Mkulima mwenye tatizo la kweli anaambiwa "sitambui" mara moja katika kila nne, na huenda akaiacha programu. Ukiziba huku, kunavuja kule. Hakuna kizingiti kisicho na gharama, ila kuna kuchagua gharama ipi ni nafuu.

Kuna kipimo kingine kinachotumika kulinganisha njia mbalimbali bila kuchagua kizingiti kwanza. Unachukua picha moja ya muhogo na moja ya kitu kigeni, bila kuchagua, kisha unauliza: ni ipi iliyopata asilimia kubwa zaidi? Rudia mara nyingi. Kama picha ya muhogo inashinda mara 50 kati ya 100, njia yako ni sawa na kurusha shilingi juu. Ikishinda mara 100 kati ya 100, njia inawatenga wageni kikamilifu. Njia ya asilimia kubwa mara nyingi huwa katikati, bora kuliko shilingi lakini haifiki ukamilifu. Ndiyo maana watafiti wanaitumia kama kipimo cha kuanzia: ukija na njia mpya na ngumu zaidi, kwanza onyesha kwamba inaishinda hii rahisi.

Inakosea wapi?

Shimo la kwanza limo ndani ya softimaksi yenyewe. Rudi kwenye jani letu la kwanza lenye alama 6, 2, 1, 1 na 0. Sasa fikiria picha nyingine yenye alama 0, −4, −5, −5 na −6. Hapa modeli haikuona dalili za kutosha kwa fungu lolote, alama zote ziko chini. Lakini mapengo kati yake ni yaleyale, na softimaksi inatazama mapengo tu. Ukifanya hesabu utapata asilimia 97 ileile. Modeli iliyokuwa imeona dalili nyingi na ile iliyoona chache zinatoa jibu moja kwenye kioo cha simu. Kwa sababu hiyo baadhi ya njia zilizofuata huzitazama alama zenyewe kabla hazijapitishwa kwenye softimaksi.

Shimo la pili ni kwamba picha ngeni inaweza kutoa mapengo makubwa. Kitambaa chenye mabaka ya kijani na njano kinaweza kugusa kilekile ambacho modeli imejifunza kukitafuta kwa batobato. Kikipata alama 5, 1, 1, 0 na 0, asilimia yake kubwa itakuwa 95, na kitavuka kizingiti chochote cha busara. Wakati wa kujifunza, modeli ilisukumwa itoe jibu la uhakika kwa kila picha, na haikuwahi kuonyeshwa hata picha moja ambayo jibu lake sahihi ni "hakuna".

Shimo la tatu ni la upande wa pili: asilimia ndogo haimaanishi kila mara kwamba picha ni ngeni. Kuna michongoma ya muhogo inayobeba batobato na michirizi ya kahawia kwa pamoja. Jani la mche kama huo linaweza kupata alama 5 kwa batobato, 5 kwa michirizi, 1 kwa utitiri, 1 kwa muhogo mzima na 0 kwa bakteria. Mkate unakatwa katikati, kila ugonjwa unapata karibu asilimia 49. Kizingiti cha 62 kitaikataa picha hii, ingawa modeli inayajua magonjwa yote mawili vizuri. Mche ulioumwa zaidi ndio unaoambiwa hautambuliki.

Mgeni wa mbali na mgeni wa karibu

Kwa mkulima, picha ya kanga si hatari. Anajua amepiga kanga, atacheka na kuendelea. Hatari iko kwa mgeni wa karibu, yaani kitu kinachofanana na kile modeli inachokijua lakini sicho.

Chukua njano ya upungufu wa zinki au magneziamu. Ni muhogo kweli, ni jani kweli, na njano ipo katikati ya mishipa ya jani. Modeli yetu haina fungu la upungufu wa madini, hivyo alama zitaenda kwa fungu linalofanana zaidi, na huenda zikaenda kwa nguvu. Asilimia kubwa inaweza kuwa juu ya kizingiti bila shida. Hali ni hiyohiyo kwa ugonjwa mpya ambao haujawahi kufika eneo lako wakati picha za kufundishia zilipokusanywa. Siku utakapofika, programu haitasema "hiki ni kipya". Itakupa mojawapo ya majina matano ya zamani.

Tofauti hiyo ina gharama shambani. Upungufu wa madini hauambukizi, na dawa yake iko kwenye udongo. Michirizi ya kahawia ni virusi vinavyosambazwa na inzi weupe na kwa kupanda vipando vilivyotoka kwenye mche mgonjwa. Mwenye upungufu wa madini akiambiwa ni michirizi, anaweza kung'oa shamba bure. Mwenye michirizi akiambiwa shamba ni zima, anaweza kugawa vipando kwa majirani na kueneza ugonjwa.

Watengenezaji wengine wamejaribu kuongeza fungu la sita. Modeli ya muhogo ya Google iitwayo CropNet, kwa mfano, ina majibu sita: yale matano na jingine linaloandikwa "unknown", yaani kisichojulikana. Hilo linasaidia, lakini fungu hilo nalo hufundishwa kwa picha. Litawatambua vizuri wageni wanaofanana na wale lilioonyeshwa, na bado linaweza kupitwa na mgeni wa aina nyingine.

Utajuaje ukiwa shambani?

Jaribu programu yako kwa vitu unavyovijua. Piga jani la maharage, jani la mpapai, udongo mtupu na mkono wako. Programu ikitaja ugonjwa wa muhogo kwa kila kimoja, ujue haina kizingiti, au kizingiti chake ni cha chini. Ikikataa baadhi na kukubali mengine, ina kizuizi, na sasa unajua kina matundu ya ukubwa gani.

Piga majani kadhaa ya mche mmoja, si moja tu. Watafiti walioipima programu ya muhogo iitwayo Nuru, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walikuta kwamba usahihi wake ulikuwa asilimia 65 kwa jani moja, na ukapanda hadi kati ya 74 na 88 walipotumia majani sita ya mche uleule. Lakini kumbuka mpaka wa njia hii. Majani mengi yanapunguza kosa la bahati mbaya, kama kivuli au picha iliyotikisika. Hayamgeuzi mgeni kuwa mwenyeji. Mche wenye upungufu wa zinki, ukipigwa mara sita, unaweza kupewa jibu moja lisilo sahihi mara zote sita.

Kwa hiyo tafuta dalili ambazo kamera haikuonyeshwa. Kwa michirizi ya kahawia, tazama shina changa la kijani kama lina michirizi, kisha chimbua mzizi mmoja na kuukata. Ukikuta sehemu kavu za kahawia zilizooza ndani, hapo una ushahidi ambao jani peke yake halikuweza kukupa. Kwa upungufu wa madini, tazama kama njano imeenea kwa mpangilio wa ardhi, kwa mfano kwenye kipande kimoja chenye udongo tofauti, badala ya kurukaruka mche huu na ule.

Na programu ikikuambia "sitambui", usiihesabu kuwa imeharibika. Rudia picha kwenye mwanga mzuri, jani moja likiwa limejaza kioo. Ikikataa tena kwa mche unaoonekana wazi kuwa unaumwa, hilo lenyewe ni taarifa. Pengine mche una magonjwa mawili kwa pamoja, au kuna kitu ambacho modeli haikufundishwa. Weka alama kwenye mche huo, usichukue vipando vyake, na umwite afisa ugani auone kwa macho yake.